Mtoto wa wiki 10, kisogo kimekuwa bapa upande wa kulia. Nifanye nini bila kuacha kumlaza chali?

ChumbageniMama

Habari za jioni wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume, ndiye wangu wa kwanza, ana wiki 10. Alizaliwa kwa njia ya kawaida, kilo 3.4, na kichwa chake kilikuwa cha mviringo mzuri tu. Kuanzia wiki ya saba hivi nimekuwa nikiona kisogo upande wa kulia kinakuwa bapa. Nikipitisha kiganja nahisi kabisa kushoto kumejaa na kulia kumekatika. Nikimpakata na kumtazama kwa juu, naona sikio la kulia limesogea mbele kuliko la kushoto.

Hospitali walituelekeza mtoto alale chali, na ndivyo ninavyomlaza usiku na mchana. Ana kitanda chake kidogo kilichosogezwa kando ya changu. Mama mkwe anataka nimwekee mto laini, na kila akimwogesha humkanda kichwa ili kikae sawa. Dada yangu anasema nimlaze kifudifudi kama tulivyolazwa sisi. Kifudifudi naogopa, lakini pia naogopa kichwa kikikomaa hivi. Aliyepitia anisaidie, na kama kuna mtaalamu humu, tafadhali sana.

Mzee_Kigogo

Binti yangu, hilo ni kwa sababu ya kulala chali, wala usitafute mchawi. Sisi tulilea saba, wote walilala kifudifudi au ubavu, hakuna mwenye kichwa bapa. Haya ya chali yameletwa juzi. Mgeuze mtoto, baada ya mwezi kichwa kitarudi.

Dullah_Makorora

Pole dada. Kichwa kubonyea kwa mtoto mchanga ni upungufu wa maji mwilini. Wa kwangu ulimbonyea hivyo hivyo alipoharisha. Mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, utaona kinajaa.

NesiPendo

Dullah, nadhani wewe unasema utosi, ile sehemu laini ya juu. Huo ndio hubonyea mtoto akikaukiwa maji, na hapo anakuwa amelegea, mkojo umepungua, mdomo mkavu. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto wa wiki 10 anaendelea kunyonyeshwa njiani, hapewi maji ya kuchanganya kienyeji. Dada hapa anazungumzia kisogo, mfupa wa nyuma. Ni jambo jingine kabisa.

FizioMkongwe

Shikamoo Mzee Kigogo, na habari zenu wengine. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, watoto ndio kazi yangu ya kila siku. Mama, kabla sijasema lolote naomba unijibu haya.

Akiwa amelala chali, uso wake hugeukia wapi mara nyingi? Ukimwonyesha sura yako na kuisogeza polepole kutoka kulia kwenda kushoto, anakufuata hadi kidevu kikaribie bega, au anaishia katikati? Tazama picha zake kwenye simu: kichwa kimeinama kuelekea bega lolote? Kuna ziwa moja analonyonya kwa kuhangaika? Wewe ukilala uko upande wake upi? Na mwisho, pitisha kidole juu ya fuvu, kuanzia nyuma ya sikio la kulia kwenda juu katikati ya kisogo. Kuna mgongo mgumu wa mfupa unaousikia?

ChumbageniMama

Ahsante sana kwa kunisikiliza. Nimejaribu yote leo.

Anageukia kulia karibu muda wote. Nikimpeleka kushoto kwa sura yangu anafika katikati, anasogeza macho tu, kichwa hakiendi. Nimepitia picha na nimeshtuka: nyingi ameinamisha kichwa kuelekea bega la kushoto huku uso ukitazama kulia. Ziwa moja ndiyo, analihangaikia. Mimi niko upande wake wa kulia, kushoto kwake ni ukuta. Mgongo wa mfupa sijausikia, ni laini tu.

Mzee_Kigogo

Basi shingo ya kulia ndiyo mbovu, maana ndiko anakoangalia. Akandwe hapo kulia.

FizioMkongwe

Mzee umepatia kwamba shingo inahusika, ila msuli wenye shida ni wa kushoto. Ule msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio kushuka hadi kwenye mtulinga, ukikaza wa kushoto, huvuta sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto na kusukuma kidevu kwenda kulia. Ndiyo maana picha zinaonyesha kichwa kimeinama kushoto na uso unaangalia kulia. Mtoto huyu anaangalia kulia kwa sababu kushoto panamvuta. Ukimkanda kulia hutapata kitu.

Sasa mama, nikueleze ninavyoona, halafu utampeleka akaguliwe kwa mikono, maana mimi simwoni.

Fuvu la mtoto wa umri huu linakua kwa kasi. Mzunguko wa kichwa huongezeka takriban sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha sentimita 1 kwa mwezi hadi miezi sita, halafu kama nusu sentimita. Mfupa ni mwembamba na mishono, yaani maungio ya mifupa ya fuvu, bado haijafunga. Sehemu inayoegemea godoro saa nyingi hukosa nafasi ya kukua, basi ukuaji unakwenda pengine. Umeona boga lililokulia kando ya jiwe? Jiwe halikulisukuma boga. Boga ndilo lilikua likazuiwa upande ule. Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo kasi hiyo hiyo iliyoleta ubapa ndiyo itakayouondoa, mradi upande wa kulia upumzishwe mapema. Mtoto wa wiki 10 ana nafasi kubwa. Wa miezi minane ana nafasi ndogo zaidi, kwa sababu kichwa kimepunguza kasi.

Kwako naona sababu mbili zinasaidiana. Shingo inampeleka kulia, na mama yake, ambaye ndiye kitu anachopenda kukitazama kuliko vyote, naye yuko kulia. Kushoto kuna ukuta.

Anza leo usiku. Usihamishe kitanda, mgeuze mtoto: pale palipokuwa na kichwa paweke miguu. Ataendelea kulala chali vile vile, lakini sasa wewe utakuwa kushoto kwake na ukuta utakuwa kulia. Wengine kila siku hubadilisha, leo huku kesho kule, na kwa mtoto asiye na upande anaoupenda hiyo ndiyo kinga nzuri tangu siku ya kwanza. Wako kwa sasa abaki mwelekeo mmoja, wa kumtafutia kushoto. Akishalala fofofo unaweza kumgeuza kichwa taratibu kwa kiganja kuelekea kushoto. Akikirudisha, mwache, usishindane naye usiku kucha.

Usimwekee mto, wala khanga iliyoviringwa kumzuia asigeuke. Godoro gumu kiasi, shuka iliyokazwa, chandarua, basi.

BintMuscat

Mimi niko Muscat, huku madukani kuna mito midogo yenye shimo katikati, imeandikwa ni ya kutengeneza kichwa. Majirani zangu wa Kihindi wana mito ya mbegu za haradali. Nilimnunulia binti yangu wa yenye shimo na kichwa kilikaa vizuri. Kwa nini mnasema asiwekewe?

FizioMkongwe

Bint, sina shaka binti yako yuko salama, namshukuru Mungu. Ila mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo rasmi kwa wazazi wasitumie mito ya aina hiyo. Mtoto wa miezi miwili akiteleza, pua ikaingia pembeni ya mto au kidevu kikabanwa kifuani, hana nguvu za shingo za kujinasua, na hatalia, kwa sababu hewa ndiyo imezibwa. Na kwa mtoto kama huyu wa Chumbageni, mwenye shingo inayovuta, mto hauondoi mvuto. Atageukia kulia ndani ya shimo lile lile.

Mzee_Kigogo

Nimekuelewa kuhusu msuli. Lakini hujanijibu la msingi. Watoto wetu walilala kifudifudi wakakua. Huko kulala chali ndiko kumeleta vichwa hivi. Kwa nini tung'ang'anie?

FizioMkongwe

Mzee, ni swali la haki, na sehemu ya kwanza ya hoja yako ni kweli: kulala chali kumeongeza vichwa bapa. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 ikaja kampeni ya nchi nzima. Uingereza walianza mwaka 1991. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, wale wanaolazwa wazima na kukutwa asubuhi hawapo, vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi hizo. Miaka hiyo hiyo kliniki zikaanza kupokea vichwa bapa kwa wingi. Mwaka 2013 watafiti wa Kalgari, Kanada, walipima watoto 440 wenye afya, wa wiki 7 hadi 12, wakakuta asilimia 46.6 wana ubapa wa kiwango fulani. Wengi ulikuwa mdogo, na upande wa kulia ndio uliozidi.

Kwa hiyo tunabadilishana kichwa bapa, ambacho kinarekebishika na hakibani ubongo, na uhai. Sitamgeuza mtoto kifudifudi usiku kwa ajili ya umbo. Ubavu nao hautulii, mtoto wa umri huu hubiringika akaangukia tumbo.

Ila kuna jambo wazee wetu walikuwa nalo ambalo sisi tumelipoteza, nalo ndilo naomba Mzee utusaidie kulisisitiza. Watoto walibebwa. Mgongoni, mbavuni, mapajani mwa shangazi, begani mwa babu. Kisogo hakikugusa kitu kwa saa nyingi za mchana. Sasa mtoto anatoka kitandani anawekwa kwenye kibembea, kutoka kwenye kibembea anakwenda kiti cha gari, na kote huko kisogo kimeegemea.

Mzee_Kigogo

Hapo umesema. Mke wangu hakuwahi kumweka mtoto chini mchana, labda akipika.

MamaMapacha

Jamani na mimi naomba nichangie. Wangu ni njiti, mapacha waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 32. Vichwa vyao havikuwa bapa nyuma, vilikuwa virefu na vyembamba, vimebonyea pembeni, kwa sababu kule wodini walilazwa ubavu muda mrefu na mashine. Walipofika nyumbani tukaanza chali na pacha mmoja akapata bapa nyuma pia. Sasa wana mwaka na nusu. Mmoja kichwa kimekaa, mwenzake bado ukimtazama kwa juu unaona. Nywele zimefunika. Mama wa mtoto mmoja usikate tamaa.

NesiPendo

Njiti na mapacha hupata zaidi, ni kweli. Mfupa laini, shingo dhaifu, na tumboni walikuwa wamebanana. Watoto wa kiume na wazaliwa wa kwanza pia huonekana zaidi.

FizioMkongwe, tueleze kulaza kwa tumbo mchana. Kina mama wengi kliniki wananiambia mtoto analia sana, wanaacha.

FizioMkongwe

Wanaacha kwa sababu wanaanza na sakafu. Mtoto mchanga sakafuni haoni kitu ila mkeka, na kichwa ni kizito. Anzeni kifuani. Mama amejilaza nusu kuegemea mito yake mwenyewe, yuko macho, mtoto kifudifudi juu ya kifua chake, uso kwa uso. Atainua kichwa kumtafuta mama. Hiyo inahesabika, na inaweza kuanza siku anayotoka hospitali. Baada ya hapo mapajani, akiwa amelala kukatisha mapaja yako mawili, goti moja likiwa juu kidogo. Kisha ndipo mkeka, na khanga iliyoviringwa chini ya kifua, kwapani, mikono yote miwili mbele yake, na wewe umelala chini mkitazamana.

Muda ni mfupi mfupi. Dakika mbili au tatu zinatosha, mara nyingi kwa siku, akiwa macho, akiwa hajatoka kunyonya sasa hivi. Nepi ikibadilishwa, mgeuze dakika mbili. Chama kile cha Marekani kinasema kufikia wiki 7 jumla ifike dakika 15 hadi 30 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika angalau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hajatambaa. Akianza kunung'unika msemeshe kidogo, akilia kwa kweli mwinue. Akisinzia, mgeuze chali hapo hapo. Haachwi peke yake kwa tumbo hata sekunde ya kupokea simu.

Kwa huyu wa Chumbageni, ukilala naye mkekani kaa kushoto kwake ili akutafute huko.

Na khanga: mbebe, lakini angalia shavu. Mtoto mwenye shingo ya kuvuta, kila akifungwa mgongoni atalaza shavu lile lile. Geuza kwa upole ili uso utazame kushoto. Shingo yake bado haijakaza, kwa hiyo khanga ishike hadi usawa wa masikio, pua iwe wazi, kidevu kisibanwe kifuani. Wengi kwa umri huu huona salama zaidi kumbeba kwa mbele, mama anamwona.

Mazoezi ya kunyoosha msuli ule wa kushoto siyaandiki hapa. Ni mepesi, hufanywa wakati wa kubadilisha nepi, lakini unatakiwa ushikwe mikono uonyeshwe mara ya kwanza, uhisi ni nguvu kiasi gani. Nenda hospitali ya mkoa ukaulize kitengo cha fiziotherapia. Dar kuna hospitali ya CCBRT.

ChumbageniMama

Nimelia kidogo kusoma hapa. Mungu akubariki. Usiku wa leo nimemgeuza miguu. Alipofumbua macho kwa kunyonya alikuwa anatazama ukuta, nikamwita, akasogeza macho huku kwangu.

Kuhusu mama mkwe kumkanda kichwa, nimwambieje? Ni mtu mzima na anampenda sana mjukuu.

FizioMkongwe

Mwambie mikono yake inahitajika kwingine. Kukanda hakubadilishi mfupa, dakika tano za kukanda haziwezi kushindana na saa kumi na tano za godoro. Na utosi usiguswe kwa nguvu kabisa. Mkabidhi kazi ya mapajani: kila baada ya kuoga mtoto alale kifudifudi mapajani mwa bibi, apakwe mafuta mgongoni, bibi amwimbie kutoka upande wa kushoto.

Kaskazini_Leeds

Habari za huku Uingereza. Mwanangu alikuwa na bapa kubwa, hospitali za serikali, NHS, wakatuambia itarekebika yenyewe, kofia ngumu ya kurekebisha umbo la kichwa hawatoi kwa kawaida. Tukalipa wenyewe kliniki binafsi, akaanza kuvaa akiwa na miezi sita. Saa 23 kwa siku. Kichwa kimekuwa cha mviringo. Mimi namshauri dada asisubiri, aanze kutafuta kofia mapema.

FizioMkongwe

Nafurahi kwa mwanao. Ila naomba nieleze kwa nini simshauri huyu mama.

Kuna jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2014. Watoto 84 wa miezi mitano hadi sita wenye ubapa wa wastani hadi mkubwa waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakavaa kofia miezi sita, nusu wakaachwa wakue. Walipofika miaka miwili, waliopona kabisa walikuwa asilimia 26 kwa kofia na asilimia 23 bila kofia. Wazazi wote wa kofia waliripoti usumbufu wa aina fulani: ngozi kuwashwa, jasho, harufu. Sasa fikiria jasho la Tanga mwezi wa pili.

Kaskazini_Leeds

Nalijua hilo jaribio. Daktari wetu alisema watoto wenye ubapa mkali kabisa hawakuingizwa, na wenye shida ya shingo pia hawakuingizwa. Kwa hiyo halisemi lolote kuhusu mwanangu. Na hao asilimia 23, ina maana robo tatu hawakupona kabisa. Mzazi asubiri robo tatu?

FizioMkongwe

Hoja yako ina uzito. Wale wakali kabisa jaribio halikuwagusa, na Marekani madaktari wengi huwapa kofia watoto ambao mazoezi na kubadilishwa mkao havikuwasaidia. "Hawakupona kabisa" maana yake kipimo bado kilionyesha tofauti, si kwamba mtu anayempita mtoto barabarani angeiona. Hata hivyo sitakwambia ulikosea kulipa. Ninachosema ni kwamba kwa mtoto wa wiki 10 ambaye shingo yake haijatibiwa, kofia si hatua ya kwanza.

BintMuscat

Swali: mnajuaje kwamba si ule ugonjwa wa mishono ya fuvu kufunga mapema? Binamu yangu alichelewa kugunduliwa.

FizioMkongwe

Ahsante, ndiyo maana nilimuuliza mama kuhusu mgongo wa mfupa. Ubapa wa godoro kwa kawaida haupo siku ya kuzaliwa, unaonekana wiki ya sita au ya nane. Ukimtazama mtoto kwa juu, upande wa bapa sikio limesogea mbele, na paji la uso la upande ule ule nalo limetokeza kidogo, kana kwamba nusu nzima ya kichwa imesukumwa mbele. Mshono wa nyuma ukifunga mapema, mara nyingi umbo lilikuwa tofauti tangu kuzaliwa, sikio la upande wa bapa halisogei mbele, huvutwa nyuma na chini, na juu ya mshono kuna mgongo mgumu. Umbo linazidi kuharibika hata mtoto akibadilishwa mkao. Ni nadra, lakini huo ni upasuaji. Mwenye dalili hizo aombe rufaa kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo: MOI pale Muhimbili, Kijabe kwa walio Kenya, CURE Mbale kwa walio Uganda.

Na kadi ya kliniki ina mstari wa mzunguko wa kichwa. Ombeni upimwe. Mstari ukipanda kwa kasi au ukilala, hiyo ni habari tofauti na ubapa, daktari aione.

NesiPendo

Nimesoma mahali kwamba watoto wenye vichwa bapa huchelewa kukaa na kutembea. Ni kweli?

FizioMkongwe

Tafiti kadhaa zimekuta wanachelewa kidogo kwa wastani, ndiyo. Kipi kimeleta kipi, wataalamu bado wanabishana. Mimi naelemea kuona kwamba mtoto mwenye misuli dhaifu hageuzi kichwa, ndipo anapata bapa. Yaani ubapa unaonyesha misuli dhaifu, hauizalishi. Ndiyo maana nikimwona mtoto mwenye bapa natazama mwili mzima, siyo kichwa tu.

ChumbageniMama

*Wiki kadhaa baadaye*

Nimerudi na majibu. Nilimpeleka hospitali, mtaalamu alimshika shingo akasema msuli wa kushoto umekaza kiasi, hakuna uvimbe ndani yake. Nyonga pia alizipima, akasema watoto wa shingo hii hupimwa na nyonga. Alinionyesha kunyoosha: mkono mmoja unashika bega la kushoto lisiinuke, mwingine unageuza kidevu kuelekea bega la kushoto hadi kinapogoma, unashikilia nusu dakika, unaachia. Kweli ingenishinda kuelewa kwa maandishi, nilikuwa nadhani ni nguvu zaidi.

Sasa ana miezi minne. Anageuka kushoto mpaka kwenye bega. Kwa tumbo anajiinua kwa viwiko. Kila mwezi nampiga picha kwa juu, nywele nikizilowanisha zilale, baba yake amempakata mahali pale pale. Sikio la kulia bado liko mbele lakini ukiweka picha mbili pamoja tofauti unaiona. Bibi yake ndiye bingwa wa mapajani.

MamaMapacha

Picha za kila mwezi ni wazo zuri, macho ya kila siku hayaoni badiliko.

Mzee_Kigogo

Hongera binti. Mwambie baba yake naye amfunge khanga.

Upendo_Mwanza

Samahani kuingilia, nimeukuta uzi huu leo. Wangu ana miezi 11, bapa katikati yote ya kisogo, siyo upande, kichwa kimekuwa kipana. Shingo inageuka vizuri kote. Anatembea kwa kushika. Nimechelewa?

FizioMkongwe

Karibu Upendo. Wa katikati hauna sikio la kusogea wala paji kutokeza, ndiyo maana wengi huchelewa kuuona. Mtoto anayesimama hana tena shida ya kuegemea mchana, na usiku anajigeuza mwenyewe, mwache alale atakavyojigeuza. Kubadilisha mkao hakutaongeza mengi kwa umri huu. Kichwa kitaendelea kukua na mara nyingi upana hupungua kuonekana kadiri uso na shingo vinavyokua, lakini sitakuahidi kwamba kitakuwa duara. Mzunguko wa kichwa kwenye kadi ukoje, tangu miezi sita hadi sasa?

Upendo_Mwanza

Kadi iko kwa mama, naenda kuichukua Jumamosi, nitaandika namba hapa.